Uso huu ni wa mtu? Dalili za picha za akaunti zilizotengenezwa na kompyuta, sababu zake, na pa kutazama uso ukishindwa kujibu

Mama mmoja mwenye kinu cha mahindi Katuba, hapa Lubumbashi, aliniletea simu yake kibandani: «Mwana, angalia huyu mama anauzisha mashini. Iko mutu ao iko bongo?» Yaani, ni mtu kweli au ni uongo? Kwenye skrini palikuwa na ukurasa wa Facebook wa kampuni ya kuuza vinu, na mbele yake meneja wa mauzo: mwanamke wa makamo, tabasamu pana, koti la ofisini, hereni. Kinu kipya chenye mota ya dizeli alikuwa anakiuza dola 1,150. Nusu ilipwe kwanza kwa simu ili mashine ivushwe mpakani Kasumbalesa, nusu ikifika. Nitamtumia meneja huyo kama mfano hadi mwisho, kwa kuwa alikuwa na karibu kila dalili ninayotaka kuieleza.

Swali la mama lilikuwa moja, ila majibu yanayowezekana ni matatu. Uso unaweza kuwa haujawahi kuwa wa mtu yeyote, umetengenezwa na programu. Unaweza kuwa wa mtu halisi aliyeibiwa picha zake, naye hana habari. Na unaweza kuwa wa mwenye akaunti mwenyewe, ambaye bado anaweza kuwa mwizi. Dalili za jibu la kwanza na la pili ni karibu kinyume: kipimo kinachomkamata aliyeiba picha hakimgusi aliyetengeneza uso, na cha huyu hakimgusi yule. Ndiyo maana anayejua kipimo kimoja tu anadanganyika kwa urahisi kuliko asiyejua chochote. Huyu wa pili angalau anaogopa.

Kwanza, pata picha yenyewe

Usipime kile kiduara kidogo kilicho kando ya jina. Kwenye Facebook gusa picha hadi ifunguke yote, kisha uihifadhi. Mara nyingi picha iliyohifadhiwa ni mraba mzima, na duara ni dirisha tu lililokatwa juu yake. Pembe nne ambazo duara linazificha ndizo zenye makosa mengi. WhatsApp ni ngumu zaidi: picha ya wasifu ni ndogo, na tangu 2024 simu za Android zinakataa kuipiga picha ya skrini. Unaweza kuipiga kwa simu ya pili iliyoshikwa wima sawasawa mbele yake. Utapoteza nywele na meno, lakini mahali pa macho patabaki, na hapo ndipo tunapoanzia.

Dalili: macho yako palepale ambapo macho ya wenzake yako

Programu iliyofungua mlango wa nyuso hizi inaitwa StyleGAN. Watafiti wa kampuni ya Nvidia waliitangaza Desemba 2018, na Februari 2019 tovuti ya thispersondoesnotexist.com ikaanza kumpa kila mgeni uso mpya kila anapofungua ukurasa, bure, bila kuomba hata jina. Tangu siku hiyo tapeli hakuhitaji tena kuiba sura.

Programu hiyo ilifundishwa kwa hazina ya picha 70,000 za nyuso zilizokusanywa kutoka Flickr, hazina inayoitwa FFHQ. Kabla ya kufundishia, kila picha ilizungushwa, ikapanuliwa au kupunguzwa, kisha ikakatwa ili macho yakae sehemu ileile ndani ya mraba wa pikseli 1,024 kwa 1,024. Kwa uso unaotazama mbele, umbali kati ya jicho na jicho ukawa takriban robo ya upana wa picha. Programu ikajifunza na hilo pia. Kila uso inaoutoa una macho mahali pale, yakiwa yamelala sawa, hata kama kichwa kimegeuka kidogo kushoto au kulia.

Kupima hakuhitaji kompyuta. Fungua picha kwenye galari, ingia kwenye kuhariri, chagua kukata kwa mraba bila kukata kitu. Simu nyingi hapo zinachora mistari miwili ya wima na miwili ya mlalo, picha ikagawanyika vyumba 9. Uso wa StyleGAN ambao haujaguswa unaweka macho yote mawili ndani ya chumba cha katikati: moja karibu na ukuta wa kushoto, moja karibu na ukuta wa kulia, na yote juu kidogo ya katikati ya picha.

Meneja wetu alikuwa hivyo hasa. Lakini uso mmoja hautoshi, maana picha ya pasipoti nayo ina macho katikati, na mpiga picha yeyote wa studio atakuwekea uso katikati akijua kazi yake. Kilichonifanya nikae vizuri kwenye kiti ni kwamba ukurasa ulikuwa na picha za wafanyakazi wengine watatu: fundi, mhasibu na dereva. Nilizipunguza zote ziwe na ukubwa mmoja, nikaweka moja juu ya nyingine kwenye programu ya kuhariri picha, ya juu nikaipunguzia nguvu hadi nusu ili ya chini ionekane. Videvu havikulingana, masikio hayakulingana, kola za mashati zilikwenda kila upande. Macho manane yakawa mawili.

Hiyo ndiyo nguvu ya kipimo hiki: kinamkamata mtu mwenye akaunti nyingi kuliko mwenye moja. Watafiti wanafanya hivyohivyo kwa wingi. Wakichanganya mamia ya nyuso za StyleGAN kuwa moja, eneo la macho linabaki kali. Wakichanganya mamia ya picha za wasifu za watu wa kweli, wanapata ukungu. Mwaka 2022 Renée DiResta na Josh Goldstein wa Stanford Internet Observatory walionyesha zaidi ya akaunti 1,000 za LinkedIn zenye nyuso zilizoonekana kutengenezwa na kompyuta, nyingi zikitumika kutangaza biashara. Safari yao ilianza na ujumbe mmoja wa mauzo uliomfikia DiResta. Macho ya mtumaji yalikuwa katikati mno, hereni ilikuwa moja, na nywele zilitoweka kisha zikajitokeza tena.

Ukomo wake: tapeli akikata picha, akiisogeza, akiiinamisha kidogo, kipimo kimekufa. Wajanja wanajua. Kwa hiyo macho yakiwa mahali pale kwenye nyuso kadhaa za ukurasa mmoja, hesabu hiyo ni dalili nzito. Yasipokuwa pale, hujajua kitu chochote bado.

Dalili: uso ni mzuri, lakini kando yake mambo yameyeyuka

Sasa angalia kila kitu isipokuwa uso. Kwa kuwa macho, pua na mdomo vilikuwa mahali pamoja katika picha zote za mafunzo, programu ilivijua vizuri sana. Hereni, miwani, kola, kofia na watu wa pembeni havikuwa na mahali maalumu, ikavijua nusunusu. Haina wazo kwamba hereni huuzwa mbili. Inachora upande wa kushoto kitu kinachofaa upande wa kushoto, na wa kulia kitu kinachofaa wa kulia.

Kwa meneja wetu hereni ya kushoto ilikuwa duara la dhahabu na ya kulia kipande kirefu kisicho na umbo, kikiwa kimeungana na nywele. Kola ya koti ilikuwa na ncha upande mmoja, upande wa pili ikaingia shingoni bila mshono. Nyuma yake palikuwa na rangi za kijani na kahawia ambazo si ukuta, si miti, si duka. Pembeni kabisa, mahali ambapo duara la Facebook lilipaficha, kulikuwa na bega la mtu wa pili lenye kitu kama shavu lisilo na jicho. Hilo la mtu wa pili ni kosa ambalo kamera haiwezi kulifanya.

Kwa picha za kwetu kuna mahali pa ziada pa kuangalia: nywele za kusuka, kilemba, na kitenge. Waliotengeneza FFHQ wenyewe waliandika kwamba hazina yao imerithi upendeleo wa Flickr, maana yake baadhi ya watu na mavazi yamo kwa uchache. Fuata msuko mmoja kwa kidole kutoka kwenye paji la uso hadi begani. Kwenye picha ya kweli utapita chini ya mwenzake na kutokea upande wa pili. Kwenye iliyotengenezwa misuko miwili inakuwa mmoja, au mmoja unazama kwenye ngozi. Kitenge nacho kina chapa inayojirudia, kwa hiyo ukikuta ua zima begani, tafuta mwenzake kifuani. Likiwa ni ua la aina nyingine kabisa lisilo na mpaka, uliza zaidi.

Lakini hapa ndipo watu wa kweli wanapoonewa. Simu za siku hizi zina modi ya potreti inayofifisha nyuma kwa hesabu, na mara nyingi inakosea: inafifisha kipande cha sikio, inakula ncha za nywele, inaacha pengo la ukuta kali kati ya mkono na kiuno. Vichujio vya urembo vinalainisha ngozi hadi inakuwa kama plastiki na kupanua macho. WhatsApp inabana picha hadi nywele zinakuwa vidonge. Picha yenye makosa hayo imepitia simu ya kawaida, na mwenyewe yupo. Tofauti ni hii: makosa ya simu yanafuata mpaka wa mtu na nyuma yake, na chini ya ukungu mahali bado panatambulika, utasema huu ni mlango, hii ni gari. Makosa ya uso uliotengenezwa yako ndani ya vitu vyenyewe, na nyuma hakuna mahali popote.

Na hereni moja peke yake? Watu wanapoteza hereni. Tafuta makosa mawili au matatu ya aina tofauti kabla ya kufungua mdomo. Nimeona dada wa watu anaitwa «roboti» kwenye kundi la WhatsApp la soko kwa sababu ya kichujio.

Dalili: hakuna kosa hata moja

Hii ndiyo hali inayozidi kuwa ya kawaida. Tangu 2022, Stable Diffusion, Midjourney na nyinginezo za ukoo huo zinatengeneza picha kutokana na maelezo ya maneno. Hazina mazoea ya kuweka macho sehemu moja. Zinatoa mtu mzima, amesimama, amekaa, ameshika kikombe, na kwa kazi kidogo zinaweza kutoa picha kumi za mtu yuleyule ambaye hayupo. Kwa hiyo ushauri wa zamani, kwamba akaunti yenye picha nyingi za mtu mmoja ni salama, umekwisha.

Jicho letu nalo si la kutegemewa. Katika utafiti wa Sophie Nightingale na Hany Farid uliochapishwa 2022, watu 315 walioonyeshwa nyuso za kweli na za StyleGAN2 walipatia kwa asilimia 48.2, yaani kama kurusha sarafu. Kundi lingine lililofundishwa kwanza lilifika 59. Na nyuso za kompyuta zilionekana za kuaminika kidogo kuliko za watu. Kwa hiyo hisia yako kwamba «huyu ana sura ya wema» usiihesabu kama ushahidi.

Kwenye picha za ukoo huu mpya, acha uso na usome. Maandishi ya nyuma, yaani bango la duka, nambari ya gari, lebo kwenye gunia la unga, mara nyingi yanaanza kama herufi na kuishia kama minyoo, ingawa programu mpya zimejirekebisha. Vidole vinavyoshika kitu ni vya kuangaliwa. Kisha linganisha picha na picha: mtu wa kweli ana alama inayobaki, baka, jino, kovu kwenye nyusi. Kama doa la shavuni lipo kwenye picha mbili na halipo kwenye tatu, au limehama shavu, chunguza. Tahadhari moja: kamera ya mbele ya simu nyingine inageuza picha kama kioo, hivyo kuhama shavu peke yake si kosa. Angalia kama na maandishi yamegeuka.

Hata ukithibitisha kwamba uso umetengenezwa, hujathibitisha wizi. Kuna wafanyabiashara halali wanaotumia programu za kutengenezea picha ya ofisini kutokana na selfi zao, na kuna wanawake wanaoficha sura zao kwa sababu wamechoka kusumbuliwa. Swali linabadilika tu: kwa nini mtu huyu anayetaka dola 575 zangu hataki nimwone?

Dalili: kutafuta picha hakukuleta kitu, au kumeleta majina matatu

Tafuta kwa picha kwenye Google Lens, kisha TinEye, kisha Yandex. Hazifanyi kazi ileile. TinEye inatafuta nakala za picha ileile, hata iliyokatwa. Yandex ni hodari zaidi kwa nyuso zinazofanana. Kata picha ibaki uso na mabega kabla ya kutafuta, na ukikosa, igeuze kama kioo utafute tena, maana wezi wa picha wanapenda kuigeuza.

Majibu yasome hivi. Picha ikitokea kwenye akaunti nyingine yenye jina jingine, nchi nyingine na historia ndefu, umekuta uso ulioibwa. Hii ndiyo hali ya kawaida kwa akaunti za mapenzi: daktari mjane, mwanajeshi wa Umoja wa Mataifa aliye Goma anayengoja likizo, mhandisi wa mgodi Kolwezi ambaye kadi yake ya benki imekwama. Sare inaibwa kwa urahisi kwa sababu wenye sare wana picha nyingi hadharani.

Ikitokea tupu, usishangilie. Uso uliotengenezwa jana hauna nakala popote, kwa hiyo tupu ndilo jibu lake la kawaida. Tupu ni jibu pia la mama wa kweli wa Ruashi ambaye picha zake ziko kwenye simu yake tu. Kwa meneja wetu tulipata tupu katika zote tatu. Ajabu yake ilikuwa hii: mtu anayejitangaza kuuza mashine Katanga nzima kwa miaka minane, na hakuna mteja hata mmoja, harusi hata moja wala maonyesho ya biashara yaliyomwacha kwenye picha ya mtu mwingine. Ukitaka kumpima mtu, tafuta picha ambazo wengine wamempiga na kumtaja. Hizo tapeli hazitengenezi kwa wepesi, kwa sababu anahitaji akaunti za watu wengine zenye umri.

Dalili: amekubali kuongea kwa video, na uso ni uleule

Zamani video ilimaliza ubishi. Sasa kuna programu zinazobandika uso mwingine juu ya uso wa anayeongea, papo hapo. Mwanzoni mwa 2024 polisi wa Hong Kong walieleza jinsi mfanyakazi wa kampuni moja alivyoingizwa kwenye mkutano wa video wenye wakubwa wake bandia, akatuma takriban dola milioni 25. Baadaye kampuni ya uhandisi ya Arup ilithibitisha kuwa ndiyo iliyoibiwa.

Programu hizo zinafuata alama za uso: kona za macho, pua, mdomo, taya. Zinaposhindwa kuona nusu ya alama, zinayumba. Kwa hiyo mwombe ageuke hadi sikio lote litazame kamera, polepole, kisha arudi. Mwombe apitishe kiganja mbele ya uso, vidole vikiwa wazi, kutoka paji hadi kidevu. Angalia wakati wa kupita, usiangalie baada yake: pua inaweza kuonekana juu ya vidole, taya likatikisika, miwani ikayeyuka. Mdomo kuchelewa sauti au picha kuganda si dalili. Mtandao wetu jioni unafanya hivyo kwa watu waaminifu kila siku.

Akifaulu, umejua tu kwamba kuna mtu mbele ya kamera na huenda uso ni wake. Hujajua kama ana kinu. Kwa biashara mimi ninapenda video ya bidhaa kuliko ya uso. Aonyeshe mashine, akisogea bila kukata, kutoka kwenye kibao cha chuma chenye nambari ya mota hadi mlangoni, hadi barabarani. Meneja wetu aliandika kwamba kamera ya simu yake imeharibika, kisha akatuma video ya kinu kingine kikisaga mahali penye bango la Kichina.

Uso umeshindwa kujibu: pima akaunti, kisha pima pesa

Kwenye ukurasa wa Facebook, ingia sehemu ya «À propos», kisha «Transparence de la Page». Utaona tarehe ya kuundwa na majina ya zamani. Mara nyingine utaona na nchi walipo wanaousimamia. Ukurasa wa vinu, uliojisema una uzoefu wa miaka minane, uliundwa miezi minne kabla, kwa jina la saluni ya nywele. Kubadilisha jina si dhambi. Saluni ikigeuka kampuni ya vinu na kubaki na wafuasi walewale, huenda ukurasa umenunuliwa au umeporwa. Instagram ina «À propos de ce compte», na LinkedIn ina «À propos de ce profil», ambayo inaonyesha mwezi wa kujiunga na lini picha ilibadilishwa mara ya mwisho.

Kisha omba nambari ya RCCM, yaani ya rejista ya biashara, na nambari ya kodi, na uombe picha ya hati nzima. RCCM huanza na CD, inafuata alama ya mji, neno RCCM, mwaka kwa tarakimu mbili, herufi, na nambari. Herufi A ni mtu binafsi, B ni kampuni. Mwaka 14 au 15 kwa kampuni kongwe si uongo: Kongo iliingia OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, mwaka 2012, na kampuni za zamani zikasajiliwa upya. Kinachofaa ni jina. Jina kwenye hati, jina kwenye ukurasa, na jina linalotokea mtandao wa simu unapokuonyesha mpokeaji wa pesa, yote yawe ya mtu au kampuni moja. Ukitaka uhakika kuhusu hati, rejista yenyewe inashikwa na karani wa mahakama ya biashara. Nakala inayotumwa kwa WhatsApp inatengenezwa kwa dakika kumi.

Kwa mama wa Katuba hati ilikuja. Ilikuwa na herufi A, jina la mwanamume, na biashara iliyotajwa ni kuuza vifaa vya shule. Nambari ya kupokelea pesa ilikuwa na jina la tatu. Tulipouliza, jibu likawa kwamba huyo ni «caissier» wa depo. Mama akaandika kwamba mtoto wa dada yake yuko Kasumbalesa na anaweza kukagua mashine leo na kulipa zote mkononi, dola 1,150 kamili, bila kuomba punguzo. Muuzaji wa kweli angepewa nini zaidi ya hicho? Meneja alisema utaratibu wa kampuni hauruhusu, akashusha malipo ya kwanza hadi dola 300, kisha 150. Usiku huo akamfungia mama asimwone tena.

Ndiyo maana kabla ya kumtega mtu kwa swali la mwisho, hifadhi kwanza. Nakili kiungo cha ukurasa kutoka kwenye kivinjari, si jina tu, kwa sababu jina litabadilika kesho na kiungo chenye nambari mara nyingi kinabaki. Piga picha za mazungumzo zikionyesha tarehe, hifadhi nambari za simu, na picha za wasifu kwa ukubwa wake wote. Ikiwa pesa imeshatoka, piga simu kwa huduma ya mtandao uliotumia dakika hiyohiyo ukiwa na nambari ya muamala. Pesa iliyo bado kwenye akaunti inaweza kuzuiwa, iliyokwisha kutolewa kwa wakala hairudi. Malalamiko yako polisi au kwa mwendesha mashtaka yatakuwa na mguu wa kusimamia, kwa kuwa Kongo ina Code du numérique, sheria ya 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inayohusu pia makosa ya mtandaoni.

Ripoti ukurasa kwa Facebook baada ya kuhifadhi, si kabla. Ukiondolewa mapema, ushahidi wako unaondoka nao.